Diski demande ya siku ya posho, Bukavu: namna tulifikia ile gitaa

"Yaya, jambo. Mi ni mtoto wa Kadutu lakini sasa naishi Goma. Papa alikuwaka na redio ya mabetri, na kila siku ya posho saa nane tulikuwaka tunasikiliza emisio ya muziki, jina nazani ni Diski Demande, kabla yake kuna habari ya Kifaransa. Animateri alikuwaka anasema 'Sitwayeni wa Kivu, weka kazi chini, ngoma inapanda!' na palepale gitaa zinaingia. Hiyo wimbo ya gitaa njo natafuta, ni miaka sasa. Nilizaliwa 1979. Niliimbia Shazam, haijui kitu. Nifanye nini?"

Mdogo wangu, wimbo yako ni Shauri Yako, na kama sikukosea ni ile ya Nguashi Ntimbo na orkestre Festival du Zaïre, si ile ya Super Mazembe ambayo watu wengi wataku­tumia kwanza ukiuliza. Nakuandikia kirefu juu nilitumia karibu wiki tatu kuifikia, na njia yenyewe itakufaa hata kwa nyimbo zingine za utoto wako, najua haiko moja tu.

Tuanze na jina ya emisio juu njo kitu kila mtu anashika kwanza, na kusema kweli njo kitu chenye kinasaidia kidogo kuliko vyote. Diski demande haikuwa jina ya emisio moja, ilikuwa aina ya emisio. Unaandika barua ao unaenda wewe mwenyewe ku redio na kikaratasi, unalipa kitu kidogo, unaandika majina ya watu unasalimia na wimbo unataka, wanasoma siku yake. Kila redio ilikuwa na yake, na hata kama animateri aliipatia jina ingine nzuri, ku nyumba watu waliendelea kuita tu diski demande. Kwa hiyo ukiandika "diski demande Bukavu" ku YouTube utapata kila kitu na hutapata kitu. Mi jina niliiweka pembeni kabisa, nikachukua ndani yake jambo moja tu: mu emisio ya namna hiyo majina yanasomwa juu ya mwanzo wa wimbo, muziki umeshushwa chini ya sauti ya animateri. Maana yake mtoto mwenye kusikiliza hakumbukake mwanzo wa wimbo, anakumbuka katikati, pale majina yamekwisha na muziki unapanda. Sasa wewe unaniambia gitaa ziliingia *palepale* baada ya ile neno yake, bila majina, na kila posho. Hapo nikajua hatutafute wimbo ya demande. Tunatafuta indikatifu.

Hii tofauti ni kubwa sana, naomba uishike. Wimbo ya demande inabadilika kila wiki, leo ni ya mama fulani, kesho ya fianse fulani. Indikatifu ni moja, inafungua emisio miezi na miezi, na haichaguliwe juu ya maneno yake, inachaguliwa juu ina sehemu ndefu bila sauti ya muimbaji, ili animateri apate nafasi ya kusema. Mi nilifanya kazi ya tekinisie ku redio moja hapa Bukavu, nyuma kidogo ya wakati wako, na namna tulifanya ni hivi: unakamata diski, unatafuta na kidole pale gitaa zinabaki peke yake, unatia alama ya krayo ku karatasi ya katikati ya diski kuonyesha sindano iangukie upande gani, na kila posho sindano inaanguka palepale. Baada ya mwaka ile pahali inakwaruka, inaanza kulia *tsi tsi tsi*, na wasikilizaji wanazani hata hiyo ni sehemu ya wimbo. Kwa hiyo wewe umebeba kichwani labda dakika moja ya katikati ya wimbo, bila neno hata moja. Njo maana marafiki wako, vile uliniambia ku simu, wanajua Shauri Yako vizuri sana na hawakuitambua ulipowaimbia, juu wao wanajua wimbo kwa maneno.

Na Shazam haina kosa. Ile kitu inalinganisha rekodi na rekodi, inataka isikie diski yenyewe, ukiiimbia na mdomo haina kitu cha kulinganisha. Aplikasio ya Google inakubali mtu kuimba ao kupiga mluzi, tangu 2020, jaribu kama unataka, lakini kwa gitaa za sebene zenye zinazunguka zunguka bila melodia ya sauti, mi haijanisaidia hata mara moja.

Sasa saa. Hapa njo nilitumia wakati mingi, juu saa ikishikwa vizuri inakuambia redio gani.

Kwanza "saa nane" ni saa ngapi? Huku kwetu kuna watu wanahesabu saa kwa Kiswahili, saa nane ni mchana, na kuna wenye wanahesabu kama Kifaransa, saa nane ni wit er ya asubuhi, na mu nyumba moja unaweza kukuta wote wawili. Njo maana nilikupigia simu kukuuliza tu mlikuwa mnafanya nini. Ulinijibu mlikuwa mmetoka masomo, uniforme ingali ku mwili, mama anasonga fufu. Posho asubuhi mtoto alikuwa ku kalasi, hakuna fufu saa mbili ya asubuhi, kwa hiyo ni mchana, 14:00 ya Bukavu. Usimuulize mtu saa peke yake. Muulize jua ilikuwa wapi na nini ilikuwa ku moto, saa inasahaulika lakini njaa haisahaulike.

Alafu hii 14:00 ni ya nani? Inchi yetu ina saa mbili. Kinshasa iko nyuma yetu saa moja, Bukavu, Goma na Lubumbashi tuko pamoja, Rwanda na Burundi wako na sisi, Tanzania, Kenya na Uganda wako mbele saa moja. Kwa hiyo wakati mama yako anasonga fufu, Kinshasa ilikuwa 13:00 na Dar es Salaam ilikuwa 15:00. Redio kubwa zilifika huku zote, ile ya Kinshasa kwa kupitia stasio za rejio, ile ya Tanzania na ya Kenya kwa mawimbi yake, na mtoto hajue anasikiliza nani, anajua tu redio ya papa. Njo nikakuomba uulize dada yako mkubwa swali moja tu: mwenye kusoma habari alisema saa ngapi? Na ona jibu alileta: papa alikuwaka anakasirika kila siku juu redio inasema "trez er" na saa ya ukuta inaonyesha saa nane, na alikuwaka anamwambia mama saa ya ukuta imeharibika. Saa haikuharibika. Ile habari ilikuwa ya Kinshasa, ya La Voix du Zaïre, stasio ya Bukavu iliichukua na kuitupa hewani vile ilivyo, na saa ya Kinshasa ndani yake. Ilipokwisha, Bukavu ikarudilia mikrofoni yake. Na animateri wako, kwa kumbukumbu ya dada, alisema "saa nane na dakika fulani". Mtu mwenye kusema trez er ameketi Kinshasa, mwenye kusema saa nane ameketi huku. Angekuwa Dar es Salaam angesema saa tisa. Hivyo tu, kwa neno moja ya saa, redio za mbali zote zikatoka.

Ikabaki Rwanda, juu saa yao ni yetu na ng'ambo ya Ruzizi redio yao inasikika kama iko ndani ya nyumba. Lakini hapo neno ya animateri inajibu yenyewe.

"Sitwayeni wa Kivu." Sikiliza vizuri hizi maneno tatu, ni kama tarehe imeandikwa juu yake. Sitwayeni ni neno ya wakati wa Mobutu, wakati wa otantisite, mtu hakuruhusiwa kuitwa mesie. Ilianza na miaka ya 1970 ya mwanzo, na baada ya hotuba ya tarehe 24 Aprili 1990, pale chama kimoja kilikufa, watu wakarudilia mesie na madame haraka sana, animateri mwenye kuendelea na sitwayeni ku mikrofoni baada ya pale angeonekana kama mtu wa chama. Kwa hiyo emisio yako iko kabla ya 1990. Wewe ulizaliwa 1979, kabla ya 1984 hivi huwezi kukumbuka saa na maneno kwa namna hiyo, basi tuko kati ya 1984 na 1990.

Na "Kivu" nayo inasema kitu, lakini hapa naenda polepole. Mpaka 1988 Kivu ilikuwa rejio moja na Bukavu kichwa chake, mwaka huo ikakatwa tatu, Nord-Kivu, Sud-Kivu na Maniema. Animateri mwenye kusalimia Kivu nzima anaonekana kama anasema kabla ya kukatwa. Lakini hata leo watu wanasema Kivu, mi mwenyewe nasema, kwa hiyo hii sikuihesabu kama ushahidi, niliiandika tu pembeni na krayo. Ushahidi wa namna hiyo unafaa kuongezea mwingine, hauwezi kusimama peke yake.

Pia wakati ule hakukuwa redio ya mtu binafsi wala ya asosiasio hapa kwetu, Radio Maendeleo ilikuja 1993, Okapi 2002. Kabla ya hapo kama sauti imeketi Bukavu na inasema sitwayeni, ni redio ya leta. Hakuna ingine.

Kwa hiyo tayari tuna redio, siku, saa na miaka sita, bila kugusa wimbo. Watu wengi wanakosea hapa, wanakimbilia kutafuta wimbo, wanasikiliza sebene mia tatu ku YouTube mpaka masikio inachoka na kila gitaa inafanana na ile ya utoto. Ukishasikiliza nyingi sana kumbukumbu yako yenyewe inaharibika, unaanza kukumbuka ile ya jana. Simamisha kusikiliza, tafuta mtu.

Na kutafuta mtu kuna namna yake. Niliandika ile neno yake, "weka kazi chini, ngoma inapanda", nikatumia wazee wanne ku WhatsApp, kila mmoja peke yake, hapana mu grupu. Mu grupu wa kwanza akisema jina, wengine wote wanasema "ndiyo, ndiyo, njo yeye", hata wenye hawajui. Na sikuwaambia ni Bukavu, sikuwaambia mwaka, sikuwaambia ni posho. Niliuliza tu: hii neno ilikuwa ya nani? Wawili wakanipa jina moja, mmoja akasema hajue, wa nne akanipa jina ingine kabisa, na aliapa.

Hapo usitupe wa nne. Nikamuuliza uliisikia wapi, akasema ku Goma, ku sherehe ya ndoa, MC mmoja. Kumbe neno ya animateri inatembea, kijana anaikamata kwa mkubwa wake, anaipeleka ku sherehe na ku redio ingine, miaka kumi baadaye iko na mababa wawili. Na tofauti ikaonekana nilipomuomba anirudilie vile ilisemwa: yule wa Goma alisema "mabibi na mabwana, weka kazi chini". Hakuna sitwayeni. Ni kopi ya nyuma. Kwa hiyo ukipata majina mawili, usipige kura, rudilia maneno yote kutoka mwanzo mpaka mwisho, na ile sehemu yenye imebadilika njo itakuonyesha nani wa kwanza.

Animateri mwenyewe alishafariki, Mungu amuweke pahali pema, na jina yake sitaiandika hapa bila ruhusa ya watoto wake. Diski za redio nazo usizifikirie. Kwa yale yalipita huku tangu 1996, diskoteke nyingi ziliibiwa, ziliungua, zilitupwa inje ku mvua, mi mwenyewe niliona diski za 45 zikitumiwa kufunika mitungi. Kwa miaka mingi nilikuwa nahesabu kwamba hapo njia imekufa. Alafu mama mmoja wa Nyawera akanifundisha kitu, na sasa njo pahali pa kwanza nauliza.

Nani alikuwa na sababu ya kukamata emisio ku kasete? Si redio. Ni yule mwenye alilipa demande! Mtu amelipa, jina ya mtoto wake itasomwa hewani, anaazima radiokasete kwa jirani, anafinya rekodi kabla emisio haijaanza ili asikose, na ile kasete anaiweka na vitu vya ubatizo. Na juu alifinya mapema, anakamata indikatifu na neno ya animateri bila kutaka. Kwa hiyo usiulize "nani ana kasete ya redio", watu watasema hapana. Uliza nani alisomewa jina ku redio siku ya komunio, ya ndoa, ya diplome. Nilipitisha hiyo swali ku parokia moja ya hapa kupitia shangazi yangu wa korali, na siku tano baadaye kasete ikaja, C-60, imefungwa ndani ya kitambaa cha kitenge, imeandikwa na biki ya bule "Komunio 1986".

Kasete ya miaka hiyo usiitie mu mashine palepale, nakuomba, kwetu kuna unyevu wa ziwa na bande inajishika. Nilifungua nikaangalia kama kile kitambaa kidogo cha kusukuma bande kingali, kilikuwa kimeanguka, nikatoa kingine ku kasete ya bure nikakibandika. Nikazungusha na biki polepole mpaka mwisho na kurudi, kusikia kama inakwama. Alafu nikaipiga mara moja tu, waya kutoka mashine mpaka ku ordinatere, si kwa kuweka simu mbele ya spika, na baada ya pale nilifanya kazi na kopi.

Dakika ya pili, upande A: habari ya Kifaransa inakwisha, kimya, *tsi tsi*, na sauti: "Sitwayeni wa Kivu, weka kazi chini, ngoma inapanda!" Niliketi chini. Nilikuwa sijawahi kumsikia ku bande tangu alipofariki.

Lakini sauti ilikuwa nyembamba, kama ya kijana, na muziki ulikuwa unakimbia. Hii ni betri. Radiokasete yenye betri zimechoka inazungusha bande polepole wakati wa kurekodi, na ukiipiga leo ku mashine yenye nguvu kamili kila kitu kinakimbia na kupanda. Asilimia sita ya mwendo inatosha kupandisha muziki nusu noti nzima, na hapo hata ukiisikilizisha Shazam inakataa juu kwake si rekodi ile tena. Mu Audacity, programu ya ordinatere ya kurekebisha sauti, kuna kitu inaitwa Change Speed and Pitch, unashusha kidogo kidogo. Ila kuna mutego hapa: ukishusha huku unasikiliza wimbo unafikiria, utashusha mpaka ifanane na wimbo unataka, na umejidanganya. Rekebisha kwa *sauti ya mtu*, si kwa muziki. Nilimwita mmoja wa wale wazee wawili mwenye alifanya naye kazi, akafunga macho, nikamsikilizisha neno yake tu, nikishusha, mpaka akasema "sasa njo yeye". Ilikuwa karibu asilimia tano. Nikafunga pale, sikugusa tena. Alafu njo nikafungua muziki.

Animateri anasema, gitaa zinabaki peke yake chini ya sauti yake, zinapanda, na kabla tu ya kukata wanaingia waimbaji, neno mbili hivi, anawashusha. Hizo neno mbili zilinitosha, ni Shauri Yako, mi pia nimekulia ndani yake.

Ikabaki ni Shauri Yako gani. Nguashi Ntimbo aliifanya na Festival du Zaïre, na Super Mazembe, hawa ni wanamuziki wa Zaire wenye walihamia Nairobi mu 1974, wakaipiga tena kwa namna yao, na ya kwao njo ilitembea sana ku Kenya na Ulaya, njo maana ukiandika jina ku YouTube mara nyingi wao wanakuja kwanza. Mu 1986 diski za pande zote mbili zingeweza kuwa mu Bukavu, kwa hiyo mwaka haukati hii neno, na kumbukumbu yako haiwezi, na yangu pia haiwezi. Maneno pia hapana, juu kopi inakopi maneno.

Nilifanya hivi, na unaweza kuifanya wewe mwenyewe. Unaweka bande ya kasete ku sikio ya kushoto na rekodi ya kulinganisha ku sikio ya kuume, mu Audacity kila moja ina kifungo chake cha kupeleka kushoto ao kuume, unazisogeza mpaka noti ya kwanza zianguke pamoja, unavaa kaske. Kama ni rekodi moja, zinatembea kama mtu mmoja, labda zinaachana polepole sana juu bande inavutika, lakini kila kosa, kila kidole chenye kiliteleza ku kamba, kiko pande zote mbili. Kama ni rekodi mbili tofauti, baada ya sekunde chache unasikia wapigaji wawili, ngoma inajibu pahali ingine, gitaa ya pili inaingia kabla ao nyuma. Na Mazembe ziliachana haraka sana. Na Nguashi zilienda pamoja mpaka pale animateri anakata, na kuna pahali gitaa inagonga noti moja kwa nguvu kuliko zingine, iko kushoto na iko kuume. Mi hapo natia sini.

Ukienda kuitafuta, jina utaiona imeandikwa Nguashi Ntimbo na pia Nguashi N'Timbo, jaribu zote. Usiamini kichwa ya video, kuna wenye wanaweka picha ya orkestre moja na muziki ya ingine, angalia ku Discogs, sayiti yenye inaorodhesha diski, picha ya karatasi ya diski, pale jina ya orkestre imechapishwa. Na usisikilize mwanzo. Ruka mpaka pale waimbaji wananyamaza na gitaa zinabaki, hapo njo mlango wako. Ile *tsi tsi* haitakuwapo, ilikuwa ya ile diski moja tu ya redio, na nazani masikio yako itaitafuta.

Kitu kimoja kinanisumbua bado mu hadisi yako na sitaki kukificha. Uliniambia ku simu kwamba mara zingine baada ya gitaa alisoma namba za simu za watu. Mu 1986 hapa kwetu demande ilikuja kwa karatasi, namba za simu ni ya miaka ya 2000, wakati wa telefoni za mkononi. Nazani umeunganisha emisio mbili, ya utoto na moja ya ukubwa wako, inatokea kwa kila mtu, na unaitambua hivyo hivyo, pale vitu viwili vya wakati tofauti vinaketi ndani ya siku moja. Haiharibu jibu juu neno, saa na gitaa vyote vimeonekana pamoja ku kasete ya 1986. Lakini kama kuna wimbo ingine unashikanisha na hizo namba za simu, hiyo ni emisio ingine, redio ingine, tuitafute mbali na hii.

Nimekutumia sekunde arobaini za kasete, kwa ruhusa ya yule mama. Usimfungulie dada yako ukimwambia ni nini. Weka tu, wakati anapika, na uangalie kama atasema neno ya animateri kabla yake.